Mvulana aliyekosa dada

Nikifundisha wazazi hapa Dodoma kuhusu malezi, hoja hii haikosi: "Mwalimu, mtoto wa kiume mkorofi, ndivyo alivyoumbwa." Siku hizi wanataja hadi homoni. Mimi huwapeleka Oyugis, magharibi mwa Kenya, kwa Wajaluo, ambako mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti alioutoa mwaka 1973.

Huko, kama vijijini kwetu Ugogoni, wavulana walichunga mifugo. Kupika, kuchota maji na kulea mdogo ilikuwa kazi ya binti. Sasa mama asiye na binti wa kutumwa afanyeje? Alimtuma mvulana. Hakungoja apate mtoto mpole, alimtuma aliyekuwepo. Ndiyo maana utafiti huu naupenda: mgawanyo wa kazi uliamuliwa zaidi na nani kazaliwa kabla ya nani, jambo ambalo homoni za mtoto hazina mkono ndani yake.

Ember aliwatazama watoto hao hata wakati ambao hawakuwa kazini. Wavulana waliozoea kazi za jikoni na za ulezi hawakuwa wagomvi kama wenzao, na hawakudai mno kuhudumiwa. Kwa tabia walisimama katikati, kati ya wavulana wengine na wasichana. Kazi za nje ya boma, kama kuni na maji, hazikuwa na uzito huo. Nadhani sababu inaeleweka. Anayembeba mdogo wake hulazimika kusoma kilio: hii ni njaa, huu ni usingizi. Tena mama yuko karibu, anamwona. Mchungaji anashinda porini na rika lake, na huko ugomvi wa malishoni hauna mkubwa wa kuuamua.

Rika nalo hulea, tena kwa ukali. Mvulana akikutwa na mtoto mgongoni, wenzake humuuliza, "We mwanamke?" Shule humalizia: msichana anadeki darasa, mvulana anakata nyasi, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kuna anayesema huenda mama mwenye wavulana kadhaa alimtuma aliye mtulivu zaidi. Inawezekana, na utafiti ulikuwa wa eneo moja tu. Wala sisemi mwili hauna lake. Wasichana waliopata homoni nyingi za kiume tumboni mwa mama, kutokana na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, kwa wastani huvutiwa zaidi na michezo ya wavulana hata kama wazazi wanawahimiza kucheza na wanasesere. Lakini kupenda gari la kuchezea ni jambo moja. Nani aoshe sufuria ni jambo lingine kabisa. Kwingi ngoma hupigwa na wanaume, na utasikia ni kwa sababu ya nguvu za mikono. Kwa Wagogo, ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wamezibana katikati ya mapaja, na mabinti hujifunza kwa kuwatazama mama zao.