Wali uliolala kwenye friji bado ni wanga

“Nimesikia wali ukilala kwenye friji sukari yake inaisha, na unga wa ndizi mbichi ndiyo kabisa, hata kwenye uji. Kwa hiyo mwenye kisukari ale tu?”

Hapana. Wali ukipoa, sehemu ndogo ya wanga hujipanga upya na kuwa wanga sugu, ambao vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviuvunji. Lakini ni sehemu ndogo kweli. Katika kipimo kimoja cha wali mweupe, gramu 100 zilizopikwa papo hapo zilikuwa na wanga sugu gramu 0.64; baada ya saa 24 kwenye friji na kupashwa moto, 1.65. Sahani ya gramu 200 ina wanga kama gramu 56, na ulichopunguza ni takriban gramu 2. Sukari hupanda taratibu kidogo, ila hupanda. Pima saa mbili baada ya kula utaiona, na dozi ya insulini usiiguse kwa kubahatisha.

Unga wa ndizi mbichi una wanga sugu mwingi zaidi, mradi usipikwe. Uji ukishakuwa mzito, chembe zake zimeshapasuka na sehemu kubwa ya usugu imepotea. Ukoroge kwenye mtindi baridi.

Faida iliyo wazi zaidi iko kwenye utumbo mpana: bakteria huchachusha wanga huo na kutoa butireti, chakula cha seli za ukuta wake. Anza na kijiko kimoja cha chai cha unga huo wa ndizi, la sivyo tumbo litajaa gesi.