Lebo inasema gramu 100, we umekula ngapi? Dhana potofu kuhusu kupiga hesabu za lebo

Nyumbani kwetu mama ana sukari, na mdogo wangu ndo anaenda dukani, kwahiyo kila akinunua kitu kipya anakipiga picha nyuma ananitumia wasap, mimi nakaa na kikalkuleta natafuta mama atakuwa amekula wanga kiasi gani. Nimefanya hivi muda mrefu sasa na makosa karibu yote ya hesabu hizi nimeyafanya mwenyewe au nimeyaona kwa watu. Kuzidisha kila mtu anajua, tatizo liko kwenye kujua hiyo namba uliyoishika ni ya uzito gani na ya kitu kikiwa katika hali gani.

Dhana: namba za kwenye lebo ni za pakti nzima

Hii ndo ya kwanza na inatokana sana na picha zenyewe. Mtu anakata skrinishoti ibaki safu ya namba tu, kile kichwa cha juu kinachosema `per 100 g` au `per serving` kinaachwa nje, basi namba zinabaki zinaelea. Biskuti za gramu 200 zenye lebo ya kalori 480 ukidhani ni za pakti yote utakosea nusu kwa nusu, maana kama ni kwa gramu 100 basi pakti ina 960.

Lebo nyingi zina safu mbili pembeni kwa pembeni, moja ya gramu 100 na nyingine ya sevingi, na kwenye picha iliyopigwa kwa kuinama jicho linaanza mstari wa mafuta kwenye safu ya kwanza linamalizia wanga kwenye safu ya pili bila we kujua. Kwahiyo namwambia mdogo wangu kila siku, usikate picha, nataka nione kichwa cha jedwali na uzito wa pakti, hivyo viwili visipokuwepo nairudisha picha.

Na energia huwa imeandikwa mara mbili, kwa kJ na kwa kcal. Ile kubwa ni kJ. Kalori tunazozungumza mtaani ni kcal, na kcal moja ni kama kJ 4.18, kwahiyo ukiona chakula cha kawaida kina "1,500" kwa gramu 100 usishtuke, umesoma kJ. Hata mafuta matupu ya kupikia hayavuki kcal 900 kwa gramu 100, ukipata namba inayozidi hapo ujue kuna kitu umesoma vibaya.

Dhana: sevingi ni kiasi unachoshauriwa kula

Hapana. Chukua lebo za Marekani ambazo tunakutana nazo sana kwenye bidhaa za kuagiza, kule sheria inataka sevingi ifuate kiasi ambacho watu kwa kawaida wanakula kwa mkupuo mmoja, na wala haisemi hicho ndo kiasi kizuri. Ndo maana walipotangaza mabadiliko ya lebo zao mwaka 2016 sevingi ya aiskrimu ilipanda kutoka nusu kikombe kwenda theluthi mbili za kikombe, sababu watu walikuwa wanajipakulia zaidi, na si kwamba aiskrimu ilikuwa imegeuka kuwa nzuri kwa afya.

Kwahiyo sevingi ichukulie kama kipimo cha kugawia tu. Lebo ikisema sevingi ni gramu 30 na wewe umepima bakuli lako la sirio ukapata gramu 75, umekula sevingi 2.5, kila namba kwenye ile safu inazidishwa kwa 2.5, imeisha. Ila upime kweli. Usiseme "nimekula bakuli moja" maana bakuli la kwenu na la kwenye lebo hayajuani.

Dhana: nimepima chakula changu kwenye sahani, basi nazidisha na lebo moja kwa moja

Hapa ndo nataka tukae, maana hata watu makini wenye mizani ya jikoni wanaanguka hapa.

Lebo ya chakula kikavu kama tambi, mchele au maharage kwa kawaida inaelezea kitu kilichomo ndani ya pakti, yaani kikiwa kikavu, isipokuwa imeandikwa wazi kwamba ni baada ya kupikwa. Ukipika kinanyonya maji, uzito unapanda mara mbili na zaidi, lakini maji hayana kalori wala wanga. Kwahiyo gramu 100 za tambi zilizoiva zina chakula kidogo kuliko gramu 100 za pakti, kilichoongezeka ni maji tu.

Twende na mfano wa siku moja. Pakti ya tambi gramu 500, lebo kwa gramu 100 inasema kcal 355, protini 12, wanga 72, mafuta 1.5, nyuzinyuzi 3. Tumepika pakti yote, tukamwaga maji, tukakaanga na vitunguu kidogo na mafuta ya kupikia vijiko vitatu vya mezani ambavyo nilivipima vikawa kama gramu 40. Sufuria tupu lilikuwa na gramu 840, likiwa na chakula mizani ikasoma 2,010, ukitoa unabaki na gramu 1,170 za chakula. Mama akapakuliwa gramu 280.

Mtu wa haraka atachukua 280 akazidisha na 3.55, atapata kcal 994 na wanga gramu 202. Sahani moja ya tambi wanga gramu 202! Hapo mtu anaogopa chakula bure, na kwa anayechoma insulini kwa kuhesabu wanga ni hatari kabisa, maana atachoma dozi ya wanga ambao haupo kwenye sahani na sukari itashuka vibaya.

Hesabu yenyewe inaanza na swali moja tu, mama amekula sehemu gani ya sufuria?

```
sehemu = 280 / 1170          = 0.239
tambi kavu = 0.239 * 500     = gramu 120
wanga = 120 / 100 * 72       = gramu 86
kcal = 120 / 100 * 355       = 426
```

Kumbe amekula tambi kavu gramu 120, wanga 86 badala ya 202. Utamu wa njia hii ni kwamba ile 0.239 inafanya kazi kwa kila kilichoingia sufuriani. Mafuta gramu 40 yana kama kcal 360, zidisha kwa 0.239 unapata 86, kwahiyo sahani yake iko kwenye kcal 510 hivi na vitunguu vinaongeza kidogo sana. Ile lebo ya tambi haijui chochote kuhusu mafuta yako, na watu wengi wanayasahau kabisa halafu wanashangaa.

Usitafute namba moja ya kudumu eti "tambi inaongezeka mara 2.3" uitumie siku zote. Siku hiyo ilikuwa hivyo, ukichemsha dakika tatu zaidi au ukiacha supu ya nyanya ndani uzito unabadilika, ila sehemu ya sufuria inabaki ni sehemu ya sufuria. Kikubwa chakula kiwe kimechanganywa vizuri, maana kama mafuta yote yamezama chini na mama amepakuliwa za juu, hesabu inakuwa ya makadirio tu.

Nyama ni kinyume chake. Inapoteza maji jikoni, gramu 100 mbichi inaweza kutoka ikiwa 70 na kitu, kwahiyo ukipima nyama iliyochomwa halafu ukatumia lebo ya mbichi unajihesabia pungufu. Dawa ni ileile, pima jumla mbichi, pima jumla iliyoiva, chukua sehemu yako.

Dhana: picha imesoma vizuri, namba ni namba

Picha ya lebo inayong'aa kwenye taa inakula nukta. Mafuta 1.5 yanakuwa 15, chumvi 0.9 inakuwa 9, na ukishazidisha kosa nalo linazidishwa. Kuna njia ya kukagua bila kurudi dukani. Protini gramu moja ni kcal 4, wanga 4, mafuta 9, nyuzinyuzi kama 2. Kwa ile tambi: 12 mara 4 ni 48, 72 mara 4 ni 288, mafuta 1.5 mara 9 ni 13.5, nyuzinyuzi 6, jumla 355.5, na lebo inasema 355. Inakubali. Ningesoma mafuta 15 jumla ingeruka mpaka karibu 477 na hapo hapo ningejua nimesoma vibaya.

Isipolingana kwa kidogo usihangaike, viwanda vinakadiria. Na kwenye lebo za Marekani nyuzinyuzi tayari zimehesabiwa ndani ya wanga wote, za Ulaya wanga umeandikwa bila nyuzinyuzi, kwahiyo kwa ya Marekani usiziongeze tena kama nilivyofanya hapo juu. Chumvi ukaguzi huu hauigusi kwa sababu haina kalori, hiyo angalia kwa macho, na uangalie pia kama wameandika sodiamu au chumvi, maana chumvi ni sodiamu mara 2.5.

Dhana: ikiandikwa 0, hata nikila nyingi ni 0

Kule Marekani mafuta yakiwa chini ya gramu 0.5 kwa sevingi yanaruhusiwa kuandikwa 0. Sasa sevingi ikiwa ndogo sana, kitu chenye mafuta 0.4 kinaandikwa 0, we unakula sevingi kumi, umekula gramu 4 na hesabu yako inasema hakuna kitu. Sifuri ukiizidisha inabaki sifuri, kwahiyo hapo kalkuleta haikusaidii. Kama kuna safu ya gramu 100 tumia hiyo, kwa sababu inaanza na kiasi kikubwa na ule mkato wa namba unaumiza kidogo. Kama haipo soma viambato, ukiona mafuta yametajwa ujue ile 0 imekatwa.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuona mtu anaandika "kcal 425.53". Namba ya lebo yenyewe imeshakadiriwa, mizani nayo inacheza gramu moja mbili. Piga hesabu na desimali zako mpaka mwisho ndo ukate, mama namwandikia kwenye daftari "wanga 86" basi.

Kingine ambacho kimetupunguzia kazi sana, masufuria yetu yote matatu tumeyapima yakiwa matupu na tumeandika uzito kwa maka peni kwenye plasta tukaibandika ndani ya mlango wa kabati, sufuria kubwa 840, la kati 610, dogo 395. Chakula kikiiva tunaweka sufuria lote juu ya mizani, tunasoma, tunatoa namba ya mlangoni, hakuna kuhamisha chakula kwenye bakuli lingine kikapoa.