Kunakili jedwali la Excel kutoka kwenye picha yenye alama za reli

Ijumaa moja jioni, nikiwa najiandaa kufunga kompyuta hapa Area D, Dodoma, simu iliita mlio wa WhatsApp. Karani wa kikundi cha wanunuzi wa alizeti ninachokifanyia kazi za takwimu alikuwa amenitumia picha moja na maneno machache: "Dada, ripoti ya wiki hii hapa. Naomba uiingize, kikao ni Jumatatu saa tatu." Nilimjibu, "Kaka, nitumie faili lenyewe." Akasema yuko njiani kutoka Kibaigwa, kompyuta imefungiwa ofisini na aliyebaki na ufunguo amekwenda msibani Mpwapwa. Kilichokuwepo ni picha ya skrini tu.

Jedwali lenyewe lilionekana hivi. Tarakimu nimezibadilisha, lakini umbo ni lile lile:

```
Wilaya | Kata       | Magunia | Bei    | Thamani   | Usafiri
       | Pandambili |   1,240 | 62,000 | ######### |
Kongwa | Mlali      |     385 | 61,500 | ######### | 900,000
       | Sejeli     |      96 | 60,000 | 5,760,000 |
Bahi   | Kigwe      |   1,018 | 58,000 | ######### | 540,000
       | Mundemu    |     452 | 58,500 | ######### |
Jumla               |   3,191 |        | ######### | 1,440,000
```

Kazi ya namna hii wengi huichukulia kuwa ni ya kuchapa tu. Ugumu wake ni kwamba picha inakuonyesha sura ya seli, haikuonyeshi kilichohifadhiwa ndani yake. Kwenye jedwali hili sura na kilichomo vinatofautiana kwa namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Naanza na seli zilizounganishwa. Neno Kongwa limekaa katikati ya mistari mitatu, kwa hiyo jicho linaliona kama liko mbele ya Mlali. Ukiandika unavyoona, Pandambili na Sejeli zitabaki bila wilaya. Ukichuja baadaye kwa neno Kongwa utapata magunia 385, wakati ukweli ni 1,721. Excel yenyewe ina tabia hiyo hiyo: ukiunganisha seli, thamani inabaki kwenye seli ya juu kushoto peke yake, nyingine zinakuwa tupu. Kwa hiyo katika nakala natandaza, yaani kila mstari unapata jina la wilaya yake. Kama umeshachapa na umeacha mapengo, kwanza hamishia jina la kila wilaya kwenye mstari wake wa juu kabisa, kisha chagua safu ya wilaya, bonyeza F5, kisha Special, kisha Blanks. Andika alama ya sawasawa na seli iliyo juu ya pengo la kwanza, kwa mfano `=A2`, umalizie kwa Ctrl+Enter. Mapengo yote yatajaa kwa mpigo. Halafu nakili safu hiyo na uibandike kama thamani peke yake, maana fomula zikibaki, siku utakapopanga mistari upya majina yatahama.

Lakini kabla ya kutandaza hakikisha ni seli iliyounganishwa kweli, si seli iliyoachwa wazi. Kuza picha uangalie mistari myembamba ya mipaka. Kwenye seli iliyounganishwa mstari kati ya Pandambili na Mlali unakatika ukifika safu ya wilaya. Kwenye seli tupu ya kawaida mstari unaendelea. Kama aliyetengeneza jedwali ameizima mistari hiyo, picha haiwezi kukujibu, na hapo inabidi umuulize mwenye jedwali.

Sasa tazama safu ya Usafiri, kwa sababu hapa nimeona watu makini wakikosea. Nayo imeunganishwa: 900,000 inafunika kata tatu za Kongwa, 540,000 inafunika mbili za Bahi. Ukitandaza kama ulivyofanya kwa wilaya, Kongwa itakuwa na 2,700,000 na Bahi 1,080,000, jumla 3,780,000, wakati gari lililipwa 1,440,000. Jina la wilaya ni lebo, linaweza kurudiwa mara elfu bila kumdhuru mtu. Fedha iliyolipwa mara moja hairudiwi. Na usiigawe kwa tatu pia, maana picha haikusema kwamba Pandambili na Sejeli zilichangia sawa. Mimi huitoa kwenye jedwali la kata na kuiweka kwenye jedwali dogo la wilaya lenye mistari miwili tu. Safu ya jumla ikitoa 1,440,000 kama picha inavyosema, najua nimeweka mahali pake.

Mikato ya maelfu ni suala fupi zaidi. Mkato ulio kwenye 1,240 kwa kawaida haumo ndani ya seli. Seli ina 1240, mkato ni vazi lililovalishwa na mpangilio wa namba. Kwenye nakala naandika 1240 bila mkato, hasa kama faili litahifadhiwa kama CSV, kwani humo mkato ndio unaotenganisha safu: 1,240 isiyo na alama za kunukuu inapasuka kuwa 1 na 240, na kila kilicho kulia kwake kinasogea safu moja. Hata hivyo usiupuuze mkato wakati wa kusoma, kwa sababu unakusaidia kukagua. Baada ya kila mkato lazima kuwe na tarakimu tatu kamili. Ukijikuta umeandika 23,67,500 kutoka kwenye jedwali la kwetu, jua kuna tarakimu imekudondoka.

Picha ya WhatsApp hubanwa njiani, na mkato mdogo unaweza kuonekana kama nukta. Kwenye simu yangu 1,018 ya Kigwe ilionekana 1.018. Excel iliyowekwa kwa Kiingereza ingeipokea bila kulalamika, kama gunia moja na kidogo. Jumla ya safu ndiyo iliyoamua: 1240, 385, 96, 1018 na 452 zinatoa 3,191, sawa na picha. Kwa nukta ingekuwa 2,174.018.

Tukija kwenye reli, yaani zile alama za `#`, kwanza tuelewane zinatoka wapi. Excel haikati namba ikakuonyesha kipande, kwa sababu nusu ya namba ni uongo. Safu ikiwa nyembamba kuliko namba iliyopangiwa mikato au idadi maalumu ya desimali, inajaza seli kwa alama za reli. Tarehe nayo hufanyiwa hivyo, na tarehe au saa iliyoangukia upande wa hasi huonyesha reli hata ukiipanua safu kiasi gani. Maneno kwa kawaida hayafanyiwi hivyo, yanakatwa tu au yanamwagikia seli ya jirani. Namba isiyo na mpangilio wowote nayo ina njia yake: Excel huizungusha, au huiandika kwa mtindo wa 2.4E+07. Ukiiona hiyo kwenye picha, ichukulie nayo kuwa tarakimu zake zimefichwa.

Kwenye faili halisi dawa ni sekunde moja: bofya mara mbili kwenye mpaka wa kulia wa herufi ya safu, namba inatokea nzima. Kwenye picha hakuna cha kubofya. Na msihesabu reli! Kijana mmoja niliyemfundisha kazi aliona reli tisa akaandika kwamba namba ina tarakimu tisa. Idadi ya reli inategemea upana wa safu, haina uhusiano na tarakimu zilizofichwa.

Kitu ambacho reli zinaweza kukuambia ni kwamba namba haikuenea. Katika safu ya Thamani, 5,760,000 ya Sejeli imeenea, nayo ni herufi tisa ukihesabu mikato. Kama seli zote zina mpangilio mmoja na hakuna hasi, basi zilizofichwa zina angalau herufi kumi, yaani kila moja inaanzia 10,000,000. Si haba, lakini haitoshi kuandika ripoti.

Hapo nikauliza: Thamani ilipatikanaje? Mstari wa Sejeli ulikuwa wazi wote, magunia 96 mara 60,000 ni 5,760,000. Inalingana, kwa hiyo kuna dalili nzuri kwamba safu hiyo ni magunia mara bei. Mstari mmoja ni dalili tu, haujathibitisha. Karani nilipompigia alisema ndiyo, fomula ni hiyo. Nikazidisha: Pandambili 76,880,000, Mlali 23,677,500, Kigwe 59,044,000, Mundemu 26,442,000. Zote nne zinapita 10,000,000, kama reli zilivyodokeza. Ukijumlisha na Sejeli inakuwa 191,803,500, ila jumla ya chini nayo imefichwa, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha nacho. Laiti ile jumla ingeonekana na seli moja tu juu yake ikawa na reli, ningeipata kwa kutoa. Zikiwa mbili au zaidi, jumla peke yake haizitenganishi.

Kuna mpaka mwingine ambao lazima usemwe. Bei iliyoonyeshwa bila desimali inaweza kuwa imezungushwa. 61,500 inaweza kuwa chochote kati ya 61,499.5 na 61,500.5. Kosa la hadi nusu shilingi kwa gunia, mara magunia 385, ni kama shilingi 192 kila upande. Kwa Kigwe yenye magunia 1,018 ni 509. Fedha ndogo, lakini ni tofauti inayomkosesha mhasibu usingizi anapolinganisha vitabu.

Kwa hiyo namba niliyoikokotoa siiweki kamwe kwenye safu ya namba nilizozisoma. Nakala niliyotuma Jumamosi ilikuwa na safu mbili za ziada:

```
wilaya,kata,magunia,bei,thamani,makadirio,hali
Kongwa,Pandambili,1240,62000,,76880000,imefichwa
Kongwa,Mlali,385,61500,,23677500,imefichwa
Kongwa,Sejeli,96,60000,5760000,,imesomwa
Bahi,Kigwe,1018,58000,,59044000,imefichwa
Bahi,Mundemu,452,58500,,26442000,imefichwa
```

Safu ya thamani nimeiacha tupu pale penye reli. Sikuweka sifuri, maana sifuri ni namba na itaingia kwenye wastani. Reli zenyewe pia sikuzichapa, kwa sababu zingekuwa maneno ndani ya safu ya namba. Mstari wa Jumla nao haumo kabisa, nimeutumia kukagulia tu. Ukiuacha humo, atakayejumlisha safu atapata mara mbili ya magunia.

Jumatatu saa mbili ofisi ilifunguliwa, faili likaja. Pandambili, Kigwe na Mundemu zililingana hadi shilingi ya mwisho. Mlali ilikuwa 23,677,340, pungufu ya makadirio yangu kwa shilingi 160. Karani alieleza kwamba magunia ya Mlali yalinunuliwa kwa bei tofauti tofauti, na ile 61,500 ilikuwa wastani uliofichwa desimali zake. Nilijaza safu ya thamani, nikafuta makadirio, nikabadilisha hali kuwa "imesomwa", na jumla iliyoingia kwenye kikao ilikuwa 191,803,340.