"Ya ng'ombe" haitoshi

Haipiti wiki bila mtu kunitupia mezani pakiti ya peremende laini na kunihakikishia: "Tumeshauliza, jelatini yake ni ya ng'ombe, basi ni halali." Mimi ni mkaguzi wa vyakula vya halali, na hakuna kauli inayonichosha kama hii. Aliyeuliza kama ni nguruwe kauliza vizuri, ila kaishia njiani.

Jelatini, ile inayogandisha peremende, hutolewa kwenye ngozi na mifupa. Ng'ombe asiyechinjwa kisheria ni nyamafu, na kwa wanazuoni wengi ngozi na mifupa yake hailiwi, kama nyama yake. Swali la pili, basi, ni nani aliyemchinja na vipi.

Pakiti ya mwisho niliyoletewa iliandikwa sukari, glukosi, jelatini, asidi ya sitriki na rangi. Barua ya kiwanda ikasema "ya ng'ombe". Nikaomba cheti cha uchinjaji, nikapewa cheti cha daktari wa mifugo. Hicho kinasema mnyama hakuwa na maradhi, kisu hakikijui. Baada ya kusumbuana, kikaja cheti cha halali chenye namba ya shehena isiyofanana na ile ya jelatini iliyotumika. Nikaiacha kwenye shubuha: sikusema haramu, wala sikuipa muhuri.

"Si upeleke maabara?" Asidi, alkali na joto la kiwandani huvisaga vinasaba, hivyo hata kumtambua mnyama ni kazi ngumu. Na akitambulika, hakuna kipimo kinachoonyesha alichinjwaje. Ndiyo maana ninang'ang'ania karatasi.

Wengine hunijibu kwa istihala: ngozi imegeuka kitu kingine, hukumu nayo imegeuka. Hoja hiyo ina wenyewe, hasa kwa Wahanafi na Wamaliki, na kongamano la fiqhi ya tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 liliikubali hata kwa jelatini ya nguruwe. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikataza jelatini ya nguruwe katika vyakula. Mashafii nao wanaibana sana istihala. Mfano wao maarufu ni mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Kwa hiyo anayekuambia "wanazuoni wameafikiana", upande wowote, usimsikilize.

Wengine huogopa E471, namba ya kiambato cha mafuta kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika: si lazima iwe ya nguruwe. Mara nyingi hutokana na mafuta ya mimea. Namba haitaji asili, muulize mtengenezaji. Na si kila kiambato usichokijua ni haramu: asili ya vyakula ni uhalali, isipokuwa nyama na vitokanavyo nayo, ambavyo huzuiwa mpaka uchinjaji ujulikane.

Mwenye kiwanda akiniomba ushauri humwambia atumie pektini au aga, za mimea na mwani. Akishikilia jelatini, basi ya samaki, maana samaki hahitaji kuchinjwa. Hapo hubaki kuthibitisha tu kwamba ni ya samaki kweli na haikuchanganywa.