Prosesa imeingia kwenye soketi, lakini mashine haiwaki

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba ya ofisini, pamoja na mfuko wenye prosesa ya i7-8700 na kadi ya grafiksi ya GTX 1650. Vyote alikuwa ameshavilipia. "Fundi, prosesa nimeipachika mwenyewe jana usiku, imekaa vizuri kabisa. Feni inazunguka ila kioo hakionyeshi kitu, na taa ya kuwashia inapepesa rangi ya chungwa."

Nilijua tatizo kabla sijafungua boksi. Aliyemuuzia alimwambia kwamba mashine yake ni LGA1151 na prosesa nayo ni LGA1151, kwa hiyo zinaendana. Jina la soketi ni hilo hilo kweli, na hata vile vipengele vya pembeni vinavyozuia prosesa isigeuzwe vinalingana. Lakini Intel ilipotoa kizazi cha nane mwaka 2017, baadhi ya pini ambazo zamani hazikuwa na kazi zilianza kupitisha umeme. Kizazi hicho kinataka mazabodi yenye chipseti za familia ya 300. OptiPlex 7050 ina Q270, ambayo ni ya familia ya 200, na mwisho wake ni kizazi cha saba. Ndiyo maana nasema kuingia kwenye soketi si ushahidi wa chochote.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, fungua PowerShell uandike haya:

```
(Get-CimInstance Win32_ComputerSystem).Model
(Get-CimInstance Win32_Processor).Name
(Get-CimInstance Win32_BIOS).SMBIOSBIOSVersion
```

Mstari wa kwanza unakupa modeli. Itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome orodha ya prosesa alizokuwa akiziweka kwenye modeli hiyo. Orodha hiyo ndiyo ninayoiamini, kuliko namba ya soketi. Mstari wa tatu ni toleo la BIOS. Kwenye mashine iliyotoka na kizazi cha sita, huenda ukalazimika kuipandisha BIOS kwanza, na hilo lifanyike prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Angalia pia wati: prosesa ya mwanzo ya mashine ya kijana huyu, i5-6500, ni ya wati 65, na i7-7700 ni ya wati 65 vilevile, kwa hiyo kipoza joto cha zamani kinatosha. i7-7700K ni wati 91, na kwenye boksi jembamba namna hii siiweki.

Tukaja kwenye kadi. Mimi huwa nakata kipande cha boksi la karatasi kwa vipimo vya kadi, nakisimamisha juu ya sloti ya PCIe x16, kisha najaribu kufunga mfuniko. Kadi ya kawaida ina kibati cha nyuma chenye urefu wa milimita 120, na boksi lote la mashine hii lina upana wa milimita 93 hivi. Mfuniko haukukaribia hata kufunga. Mashine hizi zinapokea kadi fupi tu, zile zinazotangazwa kama `Low Profile`, zenye kibati cha milimita 80 hivi. Halafu tazama upande ule feni ya kadi inakoelekea. Kadi nene hula nafasi ya sloti mbili, karibu milimita 40. Kama jirani wa sloti ni pawa saplai au ukuta wa boksi, haiingii hata ikiwa fupi.

GTX 1650 zipo zilizo fupi. Lakini pawa saplai ya 7050 nyembamba ni ya wati 180, na haina waya wa pini sita wa kulisha kadi. Kadi inayokula umeme kwenye sloti peke yake huweza kufika wati 75. Jumlisha na 65 za prosesa unapata 140, na prosesa ikikimbia kwa nguvu huvuka hizo 65. Bado diski, ramu, feni na mazabodi yenyewe. Siwezi kumkabidhi mtu mashine hiyo, halafu izime katikati ya kutoa video ya saa tatu.

Akauliza, "Basi niweke GT 1030?" Hiyo ingetosha: ni fupi, nyembamba, na inakula wati 30 tu. Lakini GT 1030 haina NVENC, yaani sehemu ya kadi inayofanya kazi ya kufinyaza video, na kazi yote ya kijana huyu ni hiyo. Grafiksi iliyomo ndani ya i7-7700 inayo sehemu ya namna hiyo, inaitwa Quick Sync. Nikamshauri arudishe vyote viwili, atafute i7-7700, na fedha itakayobaki aongeze ramu.

i7-8700 ilikubaliwa kurudishwa. Kadi bado anaitafutia mteja.