Hapana, EMA haijaacha kuchelewa

Wiki hii nimetumiwa tena chati ya hisa ikiwa na maneno yaleyale: "Mwalimu, SMA nimeachana nazo, sasa natumia EMA kwa sababu haichelewi." Ni mara ya tatu mwezi huu, kwa hiyo safari hii naandika badala ya kumjibu mtu mmoja mmoja. Zote mbili ni wastani wa bei unaosogea kila siku: SMA inazipa bei za siku zake uzito sawa, EMA inazipa bei za karibuni uzito zaidi. EMA inachelewa. Bei ikipanda taratibu kwa mwendo ule ule kila siku, EMA ya siku 5 inaachwa nyuma sawasawa na SMA ya siku 5, shilingi kwa shilingi. Inachokiwahi ni kitu kimoja tu, nacho ni bei iliyoruka ghafla. Na hata hapo inawahi mwanzoni tu.

Hesabu zenyewe nitazipita haraka. SMA ya siku 5 ni jumla ya bei tano za kufunga ukigawa kwa 5. Kesho unaingiza bei mpya na kuitoa ile kongwe. EMA haina dirisha la namna hiyo. Inachukua thamani yake ya jana na kuisogeza kuelekea bei ya leo kwa sehemu maalumu, α, ya tofauti iliyopo, N ikiwa idadi ya siku:

```
EMA_leo = EMA_jana + α × (bei_leo − EMA_jana)
α = 2 / (N + 1)
```

N ikiwa 5, α ni 2/6, yaani theluthi moja.

Sasa tuchukue hisa iliyolala kwenye shilingi 300 kwa wiki kadhaa, kama zinavyolala hisa nyingi kwenye soko letu la Dar es Salaam wauzaji na wanunuzi wanapokuwa wachache. Mistari yote miwili iko 300. Siku moja inafunga 330 na kubaki hapo. Siku ya kwanza SMA inasogea hadi 306, kwa sababu bei ya leo ni moja kati ya tano. EMA inafika 310, kwa sababu imepewa theluthi ya zile shilingi 30. Siku ya pili SMA ni 312, EMA 316.67. Siku ya tatu ni 318 kwa 321.11. Hapa ndipo watu wanapofunga daftari na kutangaza mshindi.

Wangesubiri siku mbili tu. Siku ya nne SMA ni 324 na EMA ni 324.07, zimekutana. Siku ya tano SMA imefika 330 kamili, kazi imeisha, wakati EMA ingali 326.05. Siku ya sita EMA ni 327.37, na haitagusa 330 kamwe, itaikaribia tu. Kwa hiyo ukiniuliza ipi ina kasi, nitakuuliza kwanza unapima siku ya ngapi.

Sababu iko kwenye uzito wa kila bei. SMA inazipa siku tano asilimia 20 kila moja, na siku ya sita nyuma haipati kitu. EMA inaipa leo asilimia 33.3, jana 22.2, juzi 14.8, kisha 9.9, kisha 6.6. Jumlisha hizo tano upate takriban 86.8. Asilimia 13 iliyobaki imetawanyika kwenye bei za kabla ya hapo, kurudi nyuma bila kikomo. Uzito mkubwa wa leo ndio unaoifanya EMA ishtuke mapema, na ule mkia mrefu ndio unaoifanya ikawie kumaliza safari. Ni vitu viwili vinavyotoka kwenye kanuni moja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Na hapa ndipo ninapochoka na ule usemi wa "haichelewi". Pima umri wa wastani wa bei zilizomo ndani ya kila mstari. Kwenye SMA ya siku 5 umri ni 0, 1, 2, 3 na 4, wastani wake siku 2. Kwenye EMA, ukizidisha kila umri kwa uzito wake na kujumlisha mkia wote, unapata siku 2 vilevile. Si bahati. Umri huo kwa EMA ni (1 − α)/α, na ukiweka α = 2/(N + 1) inabaki (N − 1)/2, ambao ndio umri wa SMA. Kanuni ya 2/(N + 1) inafanya namba hizo mbili zilingane. Basi hisa ikipanda shilingi 6 kila siku bila kupumzika, SMA ya siku 5 itakuwa shilingi 12 chini ya bei, na EMA, ikishatulia, itakuwa shilingi 12 chini pia. Zichore uone mistari ikilaliana.

Ubora wa EMA ninaouthamini kwa dhati ni mwingine, na karibu hakuna anayeutaja. Rudi kwenye hisa yetu ya 300. Siku moja mtu ananunua kwa 360, kesho yake bei inarudi 300 na kutulia. SMA inaruka hadi 312 na kukaa hapo siku tano nzima. Siku ya sita inadondoka ghafla hadi 300, wakati sokoni siku hiyo hakuna kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba ile 360 imetoka dirishani. Nimeona watu wakiuza kwa sababu ya mdondoko wa aina hiyo, wakidhani ni habari mpya. EMA inaruka juu zaidi, hadi 320, kisha inashuka yenyewe: 313.33, 308.89, 305.93. Haina siku ya kudondoka bila sababu. Ukiona SMA imekata kona wakati bei imetulia, hesabu siku N kurudi nyuma. Mara nyingi utaikuta bei ya ajabu imekaa hapo.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sijatulia nalo. Kulinganisha EMA ya 20 na SMA ya 20 ni haki kwa kipimo cha umri wa wastani, lakini kipimo hicho ni chaguo tu. Ukichagua kipimo kingine, kwa mfano siku za kumaliza asilimia 95 ya ruko, jibu linageuka na SMA ndiyo inayowahi. Hata α haikubaliki kote: Welles Wilder, aliyetunga RSI, kipimo cha nguvu ya mwendo wa bei, alitumia 1/N, kwa hiyo siku 14 zake ni sawa na EMA ya siku 27 kwa kanuni ya hapo juu. Mtu akikwambia "EMA ya 14", muulize α yake.

Muulize pia ameanzia wapi, maana EMA inahitaji thamani ya jana hata siku ya kwanza. Wengine wanaanza na bei ya kwanza, wengine na SMA ya siku N za mwanzo.

```python
df["close"].ewm(span=200, adjust=False).mean()
```

Mstari huu wa Python, unaotumia maktaba ya pandas kukokotoa EMA ya siku 200, unaanza na bei ya kwanza. Ukiupa data ya mwaka mmoja, tuseme siku 250 za soko, bei ile ya kwanza bado inabeba asilimia 8 hivi ya EMA ya leo. Ndiyo maana EMA yako ya 200 na ya mwenzako hazifanani ingawa bei ni zilezile. Pakia siku 600 kabla ya ile unayotaka kuisoma, na uzito wa bei ya kwanza utashuka hadi robo ya asilimia moja.