Barafu ndiyo inayoiharibu milkisheki yako

Wateja wa kwanza wa banda langu la juisi hapa Dar walikuwa wakirudi na malalamiko yaleyale: "Dada, hii mbona majimaji?" Nami nilikuwa nimeweka embe la kutosha, dodo lililoiva vizuri, na maziwa sikuyachanganya na kitu. Kosa lilikuwa kwenye barafu, na ilinichukua muda kulielewa.

Barafu haipozi kwa kuwa baridi tu. Inapoza kwa kuyeyuka. Gramu 1 ikiyeyuka huondoa joto la kutosha kushusha gramu 80 za maji kwa nyuzi 1. Sasa chukua gramu 250 za embe na mililita 150 za maziwa, vyote vimekaa mezani kwenye joto letu la nyuzi 28. Ukitaka vifike nyuzi 2, lazima kiasi cha gramu 120 za barafu ziyeyuke humo ndani. Hiyo ni nusu glasi ya maji matupu, na umeyamimina wewe mwenyewe. Tena hapo bado hujapata uzito wowote, umepata ubaridi tu. Ukiongeza barafu ili iwe nzito, itakuwa nzito kwa dakika chache, kisha nayo itayeyuka.

Vitu vilevile vikitoka kwenye friji, kwenye nyuzi 5, barafu inayoyeyuka ni kama gramu 15 tu. Kwa hiyo hata asiye na friza ana la kufanya: apoze maziwa na tunda tangu usiku.

Mwenye friza aiache barafu kabisa, agandishe tunda lenyewe. Embe nalo lina maji mengi, lakini maji yake yamefungamana na sukari na nyuzinyuzi, kwa hiyo likiyeyuka linakuachia rojo la embe. Sukari hiyo pia inazuia sehemu ya maji isigande, ndiyo maana kipande cha embe kwenye friza hukatika kwa jino, na brenda inakisaga laini bila kuacha chengachenga.

Mimi hukata vipande vya ukubwa wa sentimita 2, navitandaza kwenye sinia visigusane, na vikishagumu ndipo navitia kwenye mfuko. Ukivirundika mfukoni vikiwa vibichi utapata bonge moja la kuvunja kwa mchi. Umeme ukikatika vikalainika, usivigandishe tena kwa ajili ya smuthi. Mara ya pili hutoa majimaji na kuwa na chembe kubwa za barafu. Vitumie kwa juisi siku hiyohiyo.

Kipimo changu cha glasi mbili ni gramu 300 za embe lililoganda na mililita 200 za maziwa baridi. Maziwa hutangulia, maana visu vinahitaji kitu cha kuzungusha. Natia nusu ya embe, nasaga kwa kushtua-shtua, kisha namalizia lililobaki. Sikiliza mlio: ukipanda ghafla na huku juu hakuna kinachosogea, visu vimejichimbia shimo la hewa. Zima, sukuma kwa mwiko, ongeza vijiko viwili vya maziwa, endelea. Wengi hapo humwaga maji kwa pupa, na kazi yote inaharibika. Kikishazunguka chote, sekunde 40 zinatosha, kwa sababu visu vyenyewe vinazalisha joto.

Ikiwa bado unaitaka nzito zaidi, gandisha maziwa kwenye kile kitrei cha barafu na utie vipande vitatu au vinne. Ndizi mbivu iliyoganda nayo hufanya kazi hiyo vizuri sana, ila inafunika ladha ya embe, kwa hiyo mimi huishia robo ya ndizi.

Milkisheki ya aiskrimu haihitaji barafu hata chembe: gramu 250 za aiskrimu kwa mililita 100 za maziwa, na aiskrimu ikae nje dakika tano kwanza ili usilazimike kuongeza maziwa.

Nanasi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na kuvigandisha hakuviui. Ukiacha glasi ikae, inakuwa chungu. Hizo nasaga mteja akiwa amesimama mbele yangu.

Ukitaka kujua kama umepatia, mimina glasi moja uiache dakika tano. Nzuri inabaki rangi moja toka juu hadi chini, na ukichora mstari kwa kijiko unabaki kidogo kabla ya kujifunika. Ukiona povu juu na mstari wa maji chini, kuna barafu iliyozidi au embe halikuganda sawasawa.